Kufunga kadi ya pointi si kufuta kumbukumbu zako

"Mwaka jana nikiwa na mimba nilijiunga na klabu ya akina mama kupitia kadi ya pointi ya supamaketi moja hapa Mombasa. Niliandika tarehe niliyotarajia kujifungua, na nikaweka namba ya mume wangu kama namba ya pili. Mimba iliharibika. Nilirudisha kadi kaunta na kuitoa programu yao kwenye simu, lakini mpaka leo jumbe zinakuja kwangu na kwa mume wangu: 'Mtoto wako sasa ana miezi mitatu.' Huduma kwa wateja wanasema akaunti imeshafungwa, ila historia ya manunuzi haiwezi kufutwa kwa sababu ya KRA. Ni kweli? Nataka wafute kila kitu, nilivyonunua, namba zetu, na hiyo tarehe."

Pole sana, dada yangu, wewe na mumeo.

Nianze na hilo la KRA, maana ndilo walilokufungia nalo mlango. Ni kweli kwa upande mmoja tu. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinamtaka mfanyabiashara atunze hati zake kwa miaka 5. Duka likikaguliwa, ni lazima lionyeshe kwamba siku fulani, kwenye kaunta fulani, liliuza vitu fulani kwa bei fulani, na ushuru wake ulikuwa kiasi gani. Risiti hiyo itabaki, na hakuna barua yako itakayoiondoa. Lakini mkaguzi wa ushuru hahitaji kujua kwamba aliyenunua ni wewe. Ukinunua sukari bila kadi unapewa risiti iliyo halali kabisa isiyo na jina la mtu. Jina la mnunuzi huingia kwenye kumbukumbu za ushuru pale anapotoa PIN yake ya KRA ili risiti iandikwe kwa jina la biashara yake, na nadhani hukufanya hivyo ulipokuwa ukinunua vitu vya nyumbani. Kwa hiyo sheria inalinda risiti. Uzi unaoifunga risiti hiyo na jina lako hauhitajiki na KRA, na huo ndio unaotaka ukatwe.

Nimefanya kazi kwa miaka kadhaa nikitunza kumbukumbu za wateja wa maduka, kwa hiyo nikueleze zinavyokaa, kwa sababu ukishaielewa picha hii barua yako itakuwa na makali. Fikiria madaftari matatu. La kwanza ni la wanachama: namba yako ya uanachama, jina, simu, simu ya pili, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, na kwa klabu kama yako, tarehe ya kujifungua. La pili ni la mauzo, ambamo kila risiti ina mstari wake, na pembeni pameandikwa namba ya uanachama wa aliyepitisha kadi. La tatu ni la pointi, ulizopata na ulizotumia. Ulipoambiwa "akaunti imefungwa", kilichotokea kwa kawaida ni kwamba kwenye daftari la kwanza, mbele ya jina lako, neno "hai" limebadilishwa kuwa "si hai". Basi. Jina lipo, namba zipo, tarehe ipo, na mistari ya manunuzi bado inaelekeza kwako. Keshia hawezi kukuongezea pointi, lakini hakuna kilichofutwa. Kuitoa programu kwenye simu nako kunafuta kilichomo ndani ya simu yako tu. Kilichomo kwenye seva zao hakiguswi.

Jumbe zenyewe mara nyingi hazitoki dukani. Duka huipa kampuni ya kusambaza jumbe faili yenye namba za simu na tarehe, na mfumo huko unahesabu wenyewe: ikipita miezi mitatu tangu tarehe ile, tuma ujumbe wa miezi mitatu, ikipita sita, tuma wa sita. Hakuna mtu anayekaa akakuandikia. Faili ilishatoka, saa inatembea, na neno "si hai" lililoandikwa dukani halikuifikia. Ndiyo maana mhudumu anaweza kukuapia kwamba akaunti imefungwa, na akawa hasemi uongo, huku simu ya mumeo inalia.

Kwa leo, kabla ya barua yoyote, kama laini zenu ni za Safaricom kila mmoja wenu apige *456*9*5# afuate maelekezo ya kusimamisha jumbe za matangazo. Kujibu ujumbe wenyewe mara nyingi hakusaidii, kwa sababu ujumbe unaokuja na jina la duka badala ya namba haupokei jibu. Fahamu tu kwamba hatua hiyo inaziba masikio bila kugusa madaftari.

Sasa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa njia mbili zinazokuhusu. Kifungu cha 32 kinakuruhusu kuondoa ridhaa yako wakati wowote, na klabu kama ile inasimama juu ya ridhaa. Kifungu cha 40 kinamtaka mwenye kumbukumbu afute, bila kuchelewa, data ambazo hana tena ruhusa ya kukaa nazo, au zisizohitajika, au zilizozidi kiasi. Kanuni za Jumla za mwaka 2021 zimeongeza muda: ukiomba kufutiwa, wana siku 14 za kukujibu. Kuna jambo lingine lenye uzito kwako. Sheria hiyo inaziweka hali ya afya na habari za familia katika kundi la data nyeti, zinazodai uangalifu zaidi kuliko namba ya simu. Tarehe ya kujifungua inagusa yote mawili. Liseme hilo waziwazi kwenye barua.

Ushauri wangu wa kwanza utakushangaza kidogo: usianze kwa kuomba wafute. Anza kwa kuomba nakala ya kila walichonacho juu yako. Hiyo ni haki tofauti, haina malipo, na muda wake ni mfupi zaidi, siku 7. Ninasisitiza mpangilio huu kwa sababu nimeona mara nyingi mteja akiomba kufutiwa, akajibiwa "tayari", na asiwe na chochote cha kulinganishia. Ukiwa na nakala mkononi unajua kwamba walikuwa na namba mbili, tarehe moja, labda na jina la mtoto mliloandika, na mistari kadhaa ya manunuzi. Unajua pia faili lako limepelekwa kwa nani, mradi umeuliza. Bila nakala hiyo utakuwa unabishana na kivuli.

Tuseme umetuma ombi la nakala tarehe 2 ya mwezi. Jibu linapaswa kukufikia kufikia tarehe 9. Tarehe 10 unatuma ombi la kufutiwa, na wana hadi tarehe 24. Yote mawili yatume kwa barua pepe kwenda kwa afisa wa ulinzi wa data wa kampuni. Anwani yake huwa kwenye ukurasa wa sera ya faragha, chini kabisa ya tovuti yao au ndani ya programu. Usiishie kwa mhudumu wa simu, kwa sababu yeye anaona skrini moja tu, na kitufe alichonacho ni kile cha "si hai". Kama huipati anwani, andika karatasi, ipeleke kwa meneja wa tawi, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku zinahesabiwa kuanzia hapo.

Kanuni zina fomu maalumu ya kila ombi, na ukiipata itumie, lakini barua iliyonyooka inatosha kuanzia. Ya kufutiwa ningeiandika hivi:

"Mimi ni mwanachama wa mpango wenu wa pointi, namba ya uanachama ni hii, na namba yangu ya simu iliyosajiliwa ni hii. Ninaondoa ridhaa yangu kwa matumizi yote ya data zangu katika mpango huo na katika klabu ya akina mama. Chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, naomba mfute jina langu, namba za simu, barua pepe, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya kujifungua, ambayo ni data nyeti. Naomba pia muondoe namba yangu ya uanachama kwenye kila risiti iliyopita, ili risiti mnazotunza kwa ajili ya ushuru zisiweze kuunganishwa nami wala kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Waarifuni wote mliowapa data zangu, pamoja na kampuni inayotuma jumbe, wafute pia, kisha mniambie ni akina nani. Kama kuna chochote mnachobaki nacho, nitajieni kitu hicho, kifungu cha sheria kinachowaruhusu, na tarehe mtakayokifuta."

Maneno "zenyewe kwa zenyewe" nimeyaweka makusudi. Maduka mengi hayafuti historia. Huondoa jina na kuweka namba ya bandia mahali pake, kisha huendelea kuchambua manunuzi. Sheria inawaruhusu kuondoa utambulisho badala ya kufuta, lakini angalia kinachobaki. Kama vikapu vyako vya miezi 14 bado vimefungwa na namba moja ya bandia, mtu anaona kwamba mnunuzi huyo wa tawi hilo alianza kununua vidonge vya foliki, akaendelea hadi nguo za mtoto mchanga, kisha akaacha ghafla. Hadithi yako ipo palepale, imekosa jina tu. Kila kikapu kikisimama peke yake, bila namba yoyote ya kukiunganisha na kingine, hadithi haipo. Hilo ndilo la kudai, na kitaalamu si gumu: ni amri moja ya kufuta namba yako ya uanachama kwenye mistari yako ya daftari la mauzo. Wakikuambia mfumo hauwezi, waombe waandike hivyo.

Namba ya mumeo ni suala la pekee. Hata kama wewe ndiye uliyeiandika, ni data yake yeye. Wanaweza kuifuta wakati wanafuta akaunti yako, lakini wakitaka kukwama watasema hujaruhusiwa kumsemea. Mumeo aandike barua yake fupi, mistari mitatu, kwamba hakujiunga na hataki namba yake ibaki. Zitumeni siku moja.

Watataka kuhakikisha kwamba wewe ni wewe, na hapo wana haki, kwa sababu mtu mwingine angeweza kuomba nakala ya manunuzi yako. Njia nyepesi ni wao kutuma namba ya siri kwenye simu iliyosajiliwa, nawe uisome. Kwa hiyo usibadilishe laini kabla jambo hili halijaisha. Wakidai picha ya kitambulisho cha taifa, wakati siku ya kujiunga hukutoa kitambulisho, wakatalie kwa adabu: wanalinganisha na nini? Utakuwa umeongeza data kwenye rundo unalotaka lipungue.

Kama una pointi zilizobaki na bado wanakuruhusu kuzitumia, zitumie kabla ya tarehe 10, kwa sababu zitakwenda na akaunti. Pia kama ulinunua friji au kitu chochote chenye dhamana kwa kadi hiyo, tafuta risiti yake ya karatasi au hifadhi picha yake kutoka kwenye nakala watakayokupa. Baada ya kufutwa, duka halitaweza kukutafutia risiti kwa namba ya simu, na dhamana itakuwa yako tu kama unayo karatasi.

Kuna mambo ambayo hata duka lenye nia njema haliwezi kuyamaliza siku ile ile, na ni vizuri uyajue usije ukadhani unadanganywa. La kwanza ni nakala rudufu. Mifumo hutunza picha za madaftari yote kwa ajili ya ajali, na mtu mmoja hafutwi ndani ya picha hizo. Husubiriwa zizeeke na kuandikwa upya. Jibu zuri litakutajia muda huo. Jibu baya litasema "nakala rudufu haziguswi" na kuishia hapo. La pili ni M-Pesa. Ulipolipa kwa simu, Safaricom ilibaki na kumbukumbu yake ya muamala, kwa sheria zake za fedha, na barua yako kwa duka haiifikii. Hiyo ina kiasi na mahali, haina orodha ya vitu ulivyonunua. La tatu ni matangazo ya mtandaoni: duka linaweza kuwa limepakia namba yako Facebook ili likulenge. Lililopakiwa linaweza kuondolewa, nalo liingie kwenye swali la "mliowapa ni akina nani".

Na kuna kitu kimoja ambacho mimi ningekuacha ukubali kibaki. Wataalamu wa jumbe huwa na orodha ya namba zisizotumiwa kamwe. Kama namba yako itafutwa kila mahali bila kuingizwa humo, siku mtu akipandisha faili la zamani kutoka kwenye kompyuta ya tawi, mfumo utakuona kama mtu mpya, na saa ile ya miezi itaanza tena. Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye duka nililolihudumia. Mteja alifutwa kabisa mwezi wa pili, na mwezi wa nne akapokea ujumbe, kwa sababu ofisa mmoja alikuwa na jedwali lake la mwaka uliopita na alilitumia kwa mauzo ya Pasaka. Namba peke yake, bila jina, bila tarehe, bila historia, ikikaa kwenye orodha ya kukataza, inakulinda. Nyumba yako ndiyo inayojua uchungu wa jumbe hizo, kwa hiyo uamuzi ni wenu, lakini mimi ningeiruhusu, tena kwa maandishi, kwa kazi hiyo moja tu.

Utajuaje kama kweli wamefuta? Jaribu kuingia kwenye programu yao kwa namba yako ya zamani, uchague kwamba umesahau nywila. Skrini ikisema akaunti yako imesimamishwa, bado upo kwenye daftari. Ikisema namba hiyo haijulikani, ni dalili njema. Kisha siku ukipita dukani, mtajie keshia namba yako kabla ya kulipa. Jina lako lisitokee. Lakini kipimo chenye nguvu ni kuwatumia tena ombi la nakala, kama siku 30 baada ya jibu lao. Wana siku 7 zile zile. Jibu unalotaka ni kwamba hawana chochote isipokuwa namba kwenye orodha ya kukataza, pamoja na barua zako mwenyewe za maombi, ambazo wana sababu ya kuzitunza kama ushahidi kwamba walitii. Ulinganishe jibu hilo na nakala ya kwanza, mstari kwa mstari.

Zikipita siku 14 kimya, au wakirudia wimbo wa KRA bila kutaja kifungu, andika ukumbusho mmoja wenye siku chache, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Makao yake yako Nairobi, na ina ofisi Mombasa, kwa hiyo huna haja ya kupanda treni. Unaweza pia kulalamika kupitia tovuti yake, odpc.go.ke. Kifungu cha 56 kinataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Ofisi hiyo imewahi kutoza faini kweli: Septemba 2023 klabu moja ya starehe jijini Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Ukomo wa faini ya Kamishna ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, kile kilicho kidogo. Faini haiji kwako. Fidia ni jambo tofauti, lipo kwenye kifungu cha 65, na sheria inahesabu hata maumivu ya moyo kuwa madhara, siyo hasara ya fedha pekee.

Kwa sababu hiyo, usizifute zile jumbe, hata kama kuzitazama kunakuumiza. Mpe mtu unayemwamini azipige picha zote zikionyesha tarehe, kwenye simu zote mbili, azihifadhi yeye, kisha zitoke machoni penu. Ukienda ofisini Mombasa, nenda na picha hizo, nakala ya kwanza ya data zako, barua zako mbili na majibu yao. Na kama utagundua kwenye nakala hiyo kwamba tarehe yako ilipelekwa kwa kampuni ya bima au kwa yeyote asiyehusika na kutuma jumbe, hapo usiendelee peke yako kwa barua. Muone wakili kabla hujaomba chochote kifutwe, kwa sababu unachotaka kukifuta ndicho kitakachokuwa ushahidi wako.